Kilo 50 zinapogeuka kilo 665

Fundi amesimama kwenye jukwaa la ujenzi. Chini ya miguu yake kuna ubao wa unene wa inchi 2 na upana wa inchi 9, ncha zake zimeegemea vyuma viwili vilivyoachana mita 2. Saidia fundi anapanda na mfuko wa saruji wa kilo 50 begani. Akiushusha taratibu katikati ya ubao, ubao unabonyea kama milimita 4 tu na kutulia. Akichoka na kuuachia kutoka sentimita 30 juu ya ubao, mambo yanabadilika kabisa.

Uzito wa mfuko haujaongezeka hata gramu moja. Kilichoongezeka ni kazi ambayo ubao unatakiwa kuifanya ili kuusimamisha. Mfuko umeshuka milimita 300 hewani, na ukishagusa ubao unaendelea kushuka nao wakati ubao unapinda. Nishati yote ya mteremko huo lazima imezwe na ubao, na ubao hauna njia ya kuimeza ila kwa kupinda. Tena ukinzani wake huanzia sifuri na kupanda kadiri unavyopinda, hivyo kwa wastani unasukuma kwa nusu tu ya nguvu yake ya juu kabisa. Ndiyo maana hulazimika kupinda sana kabla mfuko haujasimama.

Wahandisi huufupisha mlinganyo huo wa nishati hivi:

n = 1 + √(1 + 2h/d)

Hapa h ni urefu wa anguko, na d ni mbonyeo wa mzigo huohuo ukiwa umetulia. Kwa ubao wetu, 2h/d ni 600 kugawanya kwa 4, yaani 150. Kipeuo cha pili cha 151 ni 12.3, ukijumlisha 1 unapata 13.3. Hicho ndicho kizidishi cha mshtuko. Ukikizidisha kwa kilo 50 unapata kilo 665: mzigo tuli ambao, ukiwekwa taratibu mahali palepale, ungeupinda ubao kiasi kilekile, yaani milimita 53. Mhandisi akishaupata mzigo huo, anaendelea na hesabu za kawaida za boriti kana kwamba hakuna kilichoanguka.

Kwa mzigo huo, nyuzi za chini za ubao zinavutwa kwa takriban niutoni 35 kwa kila milimita mraba. Kwa mbao za kawaida za ujenzi, kiwango kinachoruhusiwa mara nyingi hakifiki 10. Ubao wenye fundo katikati unaweza kukatika papo hapo.

Sasa chukua h kuwa sifuri: mfuko unagusa ubao, kisha unaachiwa ghafla. Fomula inatoa 2. Hata bila anguko, kuachia ghafla kunaufanya mzigo uwe mara mbili, jambo ambalo Mfaransa Jean-Victor Poncelet alilieleza katika karne ya 19.

Wengi watasema dawa ni kuweka ubao mnene zaidi. Tujaribu unene mara mbili. Mbonyeo tuli unashuka hadi nusu milimita, lakini kizidishi kinaruka hadi karibu 36, na mzigo sawia unapita kilo 1,780. Mkazo ndani ya mbao unapungua, ila kutoka 35 hadi 23 tu, ilhali kwa mzigo uliotulia ungepungua hadi robo. Ugumu unaomsaidia fundi siku za kawaida ndio unaoukuza mshtuko. Vyuma vinavyoshikilia ncha za ubao ndivyo vinavyoumia zaidi.

Ulaini hufanya kinyume. Tandika juu ya ubao ule wa kwanza kipande cha mpira kinachobonyea milimita 12 kwa kilo 50. Sasa d ni 16, kizidishi kinashuka hadi 7.2, na mzigo sawia unakuwa kilo 360 badala ya 665.

Hesabu hii ina mipaka yake. Inachukulia kwamba mfuko ni mgumu, ubao hauna uzito, na hakuna nishati inayopotea. Kwa kweli saruji hubonyea ndani ya mfuko, na uzito wa ubao wenyewe hupunguza kishindo kidogo, hivyo jibu huegemea upande wa usalama. Lakini ubao ukianza kupasuka, fomula haifai tena, kwa sababu hauongezi ukinzani kadiri unavyopinda.

Ubao ukishapigwa na kitu kizito, ugeuze kabla ya kuukanyaga. Upande wa juu hubanwa na mara nyingi huonekana mzima. Ufa huanzia chini, karibu na katikati, ukikata nyuzi kwa mkingamo au kuzunguka fundo. Ubao wenye alama hiyo ukatwe vipande vya kazi nyingine, usirudi jukwaani.