Kuwaomba Radhi Maharusi Uliowakosa

Mama ameanguka ghafla saa kumi jioni, na ukumbini Dar es Salaam chakula chako kimeshalipiwa. Usiwapigie maharusi, mjulishe mwenyekiti wa kamati, kadi yako ya watu wawili wapewe wengine. Kama ulibakiza ahadi ya mchango, imalizie wiki hiyohiyo, maana deni huufanya udhuru uonekane kisingizio.

Fungate ikiisha, nenda kwao na zawadi, useme kwa ufupi: “Jamani, nisameheni. Mama alilazwa jioni ile, nikakesha naye wodini. Imeniuma sana kuwakosa.” Hapa ndipo wengi huharibu: husimulia ugonjwa mpaka maharusi wanageuka kuwa wafariji. Wakikupa pole, ipokee, kisha waombe wakuonyeshe picha na wakusimulie harusi ilivyokuwa.