Mistari Miwili Njombe, Mistari Miwili Unguja

Chukua watu wawili waliopimwa VVU asubuhi moja, mmoja Njombe, mwingine Unguja. Wote wametobolewa kidole, tone la damu limewekwa kwenye kipimo cha haraka cha aina moja, na baada ya dakika chache vipimo vyote viwili vimeonyesha mistari miwili. Je, uwezekano kwamba wana VVU ni sawa? Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa kipimo ni kilekile na mistari ni ileile. Jibu sahihi ni hapana, na tofauti yenyewe ni kubwa mno.

Tuanze na ubora wa kipimo. Shirika la Afya Duniani halikubali kipimo cha haraka cha VVU ila kiwe kinawatambua angalau watu 99 katika kila 100 wenye virusi, na kiwe kinawaacha salama angalau 98 katika kila 100 wasio navyo. Wawili waliobaki katika hao mia wasio na virusi wanaweza kuonyesha mistari miwili bure. Tutatumia viwango hivyo vya chini, ingawa vipimo vingi hufanya vizuri zaidi.

Hapo ndipo akili inapoteleza. Mtu akisikia kwamba kipimo hukosea kwa wawili tu katika mia, anajiambia, "Basi nimebakiwa na nafasi mbili tu katika mia kwamba sina." Amegeuza swali bila kujua. Zile asilimia 2 zinajibu swali hili: kati ya wasio na VVU, wangapi watapata mistari miwili? Yeye anataka kujua jingine: kati ya waliopata mistari miwili, wangapi hawana VVU? Ni kama kofia na imamu. Karibu kila imamu huvaa kofia, lakini ukikutana na mwanaume mwenye kofia sokoni Darajani huwezi kumwita imamu kwa sababu hiyo. Wenye kofia ni wengi, maimamu ni wachache.

Wanahisabati huuita huu uwezekano wenye sharti. Uwezekano wa kofia kwa sharti la uimamu ni mkubwa. Uwezekano wa uimamu kwa sharti la kofia ni mdogo. Ili kutoka swali la kwanza kwenda la pili, ni lazima ujue maimamu ni wangapi mjini. Kwa VVU, ni lazima ujue maambukizi yameenea kiasi gani kati ya watu wanaopimwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta kwamba Njombe zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila kumi ana VVU. Zanzibar hawafiki hata mmoja katika mia. Kwa hesabu yetu tuseme Njombe ni 100 katika 1,000, na Unguja ni 4 katika 1,000.

Sasa wapime watu 10,000 Njombe. Wenye VVU ni 1,000, na kipimo kitawaona 990. Wasio na VVU ni 9,000, na asilimia 2 yao, yaani watu 180, watapata mistari miwili bila kuwa na virusi. Waliopata mistari miwili ni 1,170 kwa jumla, na 990 kati yao wanavyo kweli. Hiyo ni kama asilimia 85.

Wapime 10,000 wa Unguja. Wenye VVU ni 40 tu, na kipimo kitawaona karibu wote. Wasio na VVU ni 9,960, na asilimia 2 yao ni watu 199. Mistari miwili imetokea kwa watu 239, na wenye VVU kati yao ni 40. Ni mtu mmoja katika sita! Kipimo hakikuharibika njiani kikivuka bahari. Kundi la wasio na virusi ni kubwa kiasi kwamba hata kosa dogo likipita ndani yake linazoa watu wengi kuliko wagonjwa wenyewe.

Kosa hili la kusahau idadi ya msingi haliwapati wasiosoma peke yao. Mwaka 1978 Ward Casscells na wenzake waliwauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 katika hospitali za mafunzo za Chuo Kikuu cha Harvard: ugonjwa unampata mmoja katika 1,000, kipimo kinawasingizia asilimia 5 ya wasio nao, aliyepatikana nao ana uwezekano gani wa kuumwa kweli? Jibu ni kama asilimia 2, kwa sababu mgonjwa ni mmoja na wanaosingiziwa ni kama 50. Waliopatia walikuwa 11. Jibu lililotajwa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95.

Kuna njia nyepesi ya kufanya hesabu hii kichwani. Gawanya 99 kwa 2, unapata karibu 50. Huo ndio uzito wa mistari miwili: inaongeza nafasi ya kuwa na VVU mara 50. Unguja, kabla ya kupima, mwenye virusi ni mmoja kwa kila 249 wasio navyo. Zidisha kwa 50, unapata 50 kwa 249, yaani mmoja kwa watano. Kipimo cha pili kikisema ndiyo, zidisha tena: kumi kwa mmoja. Cha tatu: 500 kwa mmoja. Njombe unaanza na mmoja kwa tisa, na baada ya vipimo viwili tu umefika zaidi ya 270 kwa mmoja.

Hesabu hii ndiyo iliyobadilisha utaratibu wa kupima. Lengo ni kwamba katika kila watu 100 wanaoambiwa wana VVU, angalau 99 wawe navyo kweli. Pale wenye virusi kati ya wanaopimwa wanaposhuka chini ya asilimia 5, vipimo viwili havitoshi kufikia hapo. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumthibitisha mtu.

Lakini kuzidisha huko kuna sharti: vipimo vinavyofuatana viwe vya aina tofauti. Wakati mwingine damu ya mtu ina kingamwili nyingine zinazokinasa kipimo fulani. Ukirudia kipimo kilekile, kitanaswa vilevile mara ya pili na ya tatu, na hujapata ushahidi mpya hata kidogo.

Tena idadi ya msingi si ya mkoa tu. Mkazi wa Unguja ambaye mwenzi wake anaishi na VVU haanzi na nne katika elfu. Anaanza juu zaidi, na mistari yake miwili ya kwanza ina uzito mwingine kabisa. Kwa hiyo mshauri nasaha anapouliza habari za maisha yako, mjibu kweli. Majibu yako ni sehemu ya kipimo.

Na wewe unayejipima nyumbani, mistari miwili ni kipimo cha uchunguzi tu, hata kama unaishi Njombe. Usijihukumu, wala usiitupe ukanyamaza. Nenda kituoni mapema. Huko wataanza upya na kipimo chao cha kwanza. Wakimaliza mfululizo wote na vipimo vyote vikakubaliana, jibu hilo liamini, na dawa uanze.