Mita mbili na nusu, zimepimwa wapi?

Katika maduka ya mapazia ya Kariakoo, jora zimesimamishwa ukutani na muuzaji ana swali moja tu: dirisha lako futi ngapi? Dukani swali hilo linatosha, kwa sababu nyuma yake yuko fundi atakayefika nyumbani na futi yake, apime upya, kisha ndipo akate kitambaa. Biashara imejengwa juu ya fundi huyo. Bei iliyotajwa dukani huwa ya makadirio, na kosa la mteja husahihishwa kabla mkasi haujafunguliwa.

Sasa mapazia yaliyokwisha kushonwa, na mazulia pia, yanauzwa kwa picha kwenye simu. Mteja yuko Mbeya, mzigo uko Dar es Salaam, utasafiri kwa basi. Fundi ametolewa katikati, lakini maneno ya tangazo yamebaki yale yale ya dukani: "Pazia kali, urefu mita 2.5, upana mita 3, bei poa." Vipimo vipo, ila hakuna anayejua vimepimwa vipi. Hizo mita 3 ni za kipande kimoja au za viwili? Pazia limelazwa sakafuni au linaning'inia na mikunjo yake? Ile 2.5 inaanzia juu ya ringi au chini yake?

Ajabu ni kwamba mtumba, tunaozoea kuudharau, mara nyingi una lebo iliyo wazi kuliko pazia jipya. Mapazia yaliyotoka Uingereza huandikwa 66 kwa 90, au 46 kwa 54, au 90 kwa 90. Hizo ni inchi. Namba ya kwanza ni upana wa kipande kimoja kikiwa kimelazwa na kamba za pleti hazijavutwa, na ya pili ni urefu. Kwa hiyo 66 kwa 90 ni sentimita 168 kwa 229. Mwenye bomba la sentimita 200 akinunua viwili atapata sentimita 336 za kitambaa, yaani mara 1.68 ya bomba. Mikunjo itakuwepo, lakini haitajaa kama ile ya fundi wa mtaani, ambaye kwa kawaida huhesabu mara mbili. Ukijua lebo inavyosomwa, unaweza kufanya hesabu hiyo ukiwa umekaa kwako, bila kumuuliza mtu.

Pazia la ringi lina tatizo lake. Tundu halipo ukingoni kabisa. Juu yake hubaki kitambaa cha sentimita tatu au nne ambacho husimama juu ya bomba. Pazia lenye urefu kamili wa 235, likitundikwa, hushuka 231 tu kutoka juu ya bomba. Mteja aliyepima kutoka juu ya bomba hadi sakafuni akapata 233, akaona 235 inatosha na kuzidi, ataletewa pazia linaloelea sentimita mbili juu ya vigae. Mbili si neno, wengine ndivyo wanavyopenda. Lakini aliyepata 238 akaagiza 240 akitegemea ziada kidogo ya kugusa chini, naye pazia lake litaelea. Muuzaji makini hutoa namba mbili: urefu wote, na urefu kuanzia ukingo wa juu wa tundu.

Kwa wauza vitambaa, jambo linaloleta hasara kubwa zaidi ni ua. Kitambaa cha maua kina umbali ambao ua hujirudia, na umbali huo ndio huamua mita za kununua. Dirisha ni kubwa kiasi gani, hilo ni la pili. Tuchukue mfano. Bomba ni sentimita 200, pazia likiisha linatakiwa liwe 235, na fundi anaongeza 25 za pindo la chini na la juu. Kila kipande kinahitaji 260. Jora lina upana wa 140. Mara mbili ya bomba ni 400, kwa hiyo vinahitajika vipande vitatu, cha katikati kikigawanywa nusu kwa nusu upande huu na ule. Kitambaa kisicho na ua kingemaliza sentimita 780, sawa na mita 7.8.

Sasa jora hilo hilo liwe na ua linalojirudia kila sentimita 64. Ili maua yakutane kwenye mshono, kila kipande lazima kianzie mahali pale pale pa ua. Marudio manne ni 256, hayafiki 260. Fundi anaruka hadi la tano, 320. Vipande vitatu ni mita 9.6. Sentimita nne zilizopelea zimekula karibu mita mbili. Ukiiuliza hesabu kwa ukali zaidi, kipande cha mwisho hakihitaji kumalizia rudio, kwa hiyo sentimita 60 zake zitabaki nzima na zinaweza kushonwa foronya ya mto. Lakini duka litauza mita 9.6, na ndivyo mafundi wengi wanavyoagiza.

Mwenye kujua mapema kwamba ua ni 64 ana njia nyingine. Anamwambia fundi apunguze pindo la chini kwa sentimita nne. Kila kipande kinakuwa 256, marudio manne kamili, na vitatu ni mita 7.68. Tofauti ni mita 1.92. Tuseme mita ni shilingi 12,000. Hapo zimeokolewa shilingi 23,040 kwa dirisha moja, na pazia linaning'inia pale pale. Namba hiyo moja, 64, muuzaji angeipata kwa kuweka futi kwenye jora, kutoka ncha ya petali hadi ncha ile ile ya ua linalofuata, akiteremka nayo moja kwa moja.

Jora pana, la sentimita 280, hubadilisha hesabu. Hapo upana wa kitambaa ndio unaogeuzwa kuwa kimo cha pazia, na mteja hununua mara mbili ya urefu wa bomba: mita 4 na kidogo kwa dirisha letu, bila mshono katikati. Ua halilazimiki kukutana popote. Lakini 280 ni dari ya mwisho. Nyumba zenye madirisha marefu, zinazohitaji 270 likiwa limeisha, hazitapata pindo la 25. Na ikiwa ua limechorwa kufuata urefu wa jora, ukiligeuza litalala ubavu. Kwa hiyo tangazo la kitambaa linahitaji maneno mawili zaidi: ua limesimama kuelekea wapi.

Mazulia yana ugonjwa tofauti. Yanauzwa kwa futi ilhali mashine iliyoyafuma imepangwa kwa sentimita. Zulia la "7 kwa 10" kwa futi halisi lingekuwa 213 kwa 305. Linalofika mara nyingi ni 200 kwa 300. "5 kwa 8" ingekuwa 152 kwa 244, na linalokuja ni 160 kwa 230: pana zaidi, fupi zaidi. Hakuna aliyekusudia kuiba, jina la futi limebaki tu kama jina. Lakini tazama sebule ambayo nafasi kati ya makochi mawili yanayotazamana ni sentimita 190. Mwenye nyumba anataka miguu ya mbele ya kila kochi ikanyage zulia kwa sentimita 10. Anahitaji 210. Kwa 213 amefika. Kwa 200 kila kochi linapata sentimita 5, na mguu mpana unaning'inia nusu juu ya vigae.

Mazulia ya manyoya huongeza utata wake. Manyoya hutawanyika nje ya ukingo, na ukipima juu juu unapata sentimita kadhaa ambazo hazipo. Pima mgongoni, ambapo ukingo ni mgumu, baada ya zulia lililokuwa limeviringishwa kulazwa usiku mzima. Pima kwenye kingo mbili na katikati, andika namba iliyo ndogo. Kama lina vishada, vitaje peke yake: 200 kwa 300 bila vishada.

Hapo ndipo tunafika kwenye kipengele ambacho wauzaji wengi hukiogopa, yaani kusema kipimo kinaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi gani. Wanadhani ni kukiri udhaifu. Kisheria ni kinyume chake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, sura ya 214, na ile ya Kenya, sura ya 31, zina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na zote husema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Mwaka 1933 iliamuliwa London kesi ya Arcos dhidi ya Ronaasen, kuhusu mbao za kutengenezea mapipa ya saruji. Mkataba ulisema unene wa nusu inchi. Nyingi zilikuwa nene kidogo kuliko hapo. Mapipa yangeweza kutengenezwa bila shida, na bado mnunuzi akaruhusiwa kuzikataa. Kama muuzaji alitaka nafasi ya kuzidi na kupungua, alipaswa kuiweka kwenye mkataba. Waingereza walilegeza jambo hilo kwa wafanyabiashara mwaka 1994, na hukumu yenyewe haifungi mahakama zetu, lakini mantiki yake ni rahisi kwa hakimu yeyote kuifuata.

Ila nafasi hiyo isiandikwe kwa asilimia. Asilimia 3 inasikika ndogo, kumbe kwenye zulia la 300 ni sentimita 9, na upande wa 200 unaweza kushuka hadi 194. Rudi kwa yale makochi: kila mguu umebakiwa na sentimita mbili. Andika sentimita, kila upande na yake. Na kwa pazia la pamba lisilofuliwa, taja kwamba linaweza kurudi kidogo likifuliwa. La poliesta halibadiliki sana.

Tangazo linalotosha si refu. Mfano wa pazia:

"Vipande 2 vya pazia la ringi. Kila kimoja kikilazwa: upana 168, urefu wote 240, kuanzia juu ya tundu 236. Ua linajirudia kila sm 64, limesimama. Tumepima kwa futi ya chuma, mahali patatu. Linaweza kuzidi au kupungua sm 1 kwa urefu, 2 kwa upana. Pima kutoka juu ya bomba lako hadi sakafu, kushoto, katikati na kulia, chukua namba ndogo."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayomrudisha mteja kwenye dirisha lake, kwa sababu sakafu zetu nyingi haziko sawa na dirisha moja linaweza kutofautiana sentimita mbili kutoka kona hadi kona. Wauzaji, andikeni hivyo kabla hamjapokea pesa. Nawe mnunuzi, tangazo likikosa namba ya tundu au ya ua, uliza kwa maandishi kwenye simu hiyo hiyo, na uhifadhi jibu.