Jawabu lililojificha kwenye 4

Mwaka 1572 Rafael Bombelli, mhandisi wa Italia, alichapisha kitabu cha aljebra chenye mlinganyo huu:

x³ − 15x − 4 = 0

Kanuni aliyoitangaza Cardano mwaka 1545 ikitumiwa hapa, katikati ya hesabu hutokea kipeuo cha pili cha −121, kitu ambacho wengi wakati ule walikiona upuuzi. Na bado mtu akiweka 4 mahali pa x anapata 64 − 60 − 4, yaani sifuri. Jawabu lilikuwa mlangoni.

Hiyo 4 haipatikani kwa kubahatisha. Andika mlinganyo hivi: x(x² − 15) = 4. Kama x ni namba kamili, basi lazima igawe 4 bila baki. Kwa hiyo wa kujaribiwa ni sita tu: 1, 2, 4 na hasi zao. Ukiweka 1 unapata −18, ukiweka 2 unapata −26, na 4 inafunga kazi.

Sasa gawanya kwa x − 4, na hapa ndipo wengi huteleza. Mlinganyo hauna x², lakini nafasi yake ipo, nayo hushikwa na sifuri. Namba za kuandika ni 1, 0, −15, −4. Shusha 1. Zidisha kwa 4, jumlisha na 0: 4. Zidisha tena kwa 4, jumlisha na −15: 1. Zidisha kwa 4, jumlisha na −4: 0. Baki ni sifuri, na kilichopatikana ni x² + 4x + 1. Aliyeisahau ile sifuri ataishia na baki ya −48. Akiona hivyo asiilaumu 4, arudi kwenye mstari wake wa kwanza.

Kilichobaki ni cha kipeo cha pili, na kanuni yake tumeizoea tangu sekondari:

x = (−4 ± √(16 − 4)) / 2 = −2 ± √3

Yaani takriban −0.268 na −3.732. Mimi hupenda kuyahakiki kwa kuyajumlisha yote matatu: 4 − 0.268 − 3.732 ni sifuri, kama inavyopasa pale x² inapokosekana na x³ haina namba mbele yake.

Lakini badilisha ile 4 ya mwisho iwe 5. Wa kujaribiwa sasa ni 1, 5 na hasi zao, na hakuna hata mmoja anayeleta sifuri. Majawabu yapo, tena matatu, ila si namba kamili wala sehemu, na njia hii haiyafikii. Moja liko karibu na 4.03.