Afya ya Ngozi, Sehemu ya Tatu: Chunusi za Taya na Siku za Hedhi

Wiki jana tulieleza jinsi kinyweleo kinavyozibwa na mafuta hadi kikageuka chunusi. Leo tuje kwenye swali ambalo mimi, kama mfamasia hapa Thika, huulizwa kuliko yote, na huulizwa kwa sauti ya chini, mteja akiinama juu ya kaunta na kusogeza leso kidogo. Kwa nini zinanitokea hapa kwenye taya kila nikikaribia siku zangu? Kabla sijajibu, la pili hufuata: ama homoni zangu zimevurugika?

Homoni zimo, bila shaka. Lakini ngozi kuguswa na homoni ni jambo moja, na homoni kuvurugika ni jambo jingine. Wanawake wengi wenye chunusi za taya wakipimwa damu, majibu hutoka sawa kabisa. Tezi zao za mafuta ndizo nyepesi kuitikia kile kiasi cha kawaida kilichomo mwilini.

Tutazame kinachotokea. Yai hutoka kwenye ovari takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Likishatoka, ovari humwaga projesteroni kwa wingi, na estrojeni nayo huwa juu. Mimba isipotunga, zote mbili huporomoka katika siku chache za mwisho. Testosteroni, ambayo mwanamke pia anayo kwa kiasi kidogo kutoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo, haiporomoki vivyo hivyo. Kwa siku hizo chache hubaki bila wa kuizuia, na tezi za mafuta huisikia. Wengi walipokuwa sekondari chunusi ziliwatoka kwenye paji la uso na pua. Sasa wakiwa watu wazima ni kidevu na taya. Huwa ni uvimbe wa ndani, unaouma kwa kidole kabla haujaonekana kwenye kioo, nao ukipoa huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba chunusi za taya, zenyewe tu, ni dalili ya ugonjwa wa homoni. Ukifikiria vizuri, chunusi inayokuja wiki moja kabla ya hedhi na kupoa damu ikianza, mwezi baada ya mwezi, inaonyesha kwamba ovari inafuata ratiba yake. Yai linatoka, projesteroni inapanda na kushuka, hedhi inakuja. Wasiwasi wangu huanza pale ratiba inapokosekana. Kwa hiyo kabla ya krimu na kabla ya kulipia kipimo chochote, mimi huomba kalenda.

Kalenda yenyewe ina makosa yake. Wengi huhesabu kuanzia siku damu ilipokoma hadi ilipoanza tena, na mzunguko wa siku 28 ukaonekana kuwa wa siku 23. Hesabu ni kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata, na siku ya kwanza ni ile damu inapotoka ya kuhitaji pedi. Matone ya jioni iliyotangulia hayahesabiki. Andika tarehe hizo kwa miezi mitatu, na ukumbuke kuandika pia siku ulipoanza kuusikia uvimbe kwenye taya.

Tuwachukue dada wawili wa mfano, ili jambo hili lionekane. Wa kwanza ana miaka 29, ni keshia Ruiru. Mizunguko yake mitatu ilikuwa ya siku 27, 29 na 28. Uvimbe ulianza siku ya 21 au 22 kila mara, na kufikia siku ya tatu ya hedhi ulikuwa unanywea. Hana ndevu, nywele za kichwani hazipungui, uzito wake uko pale pale. Huyu sioni sababu ya kumtuma maabara. Anachohitaji ni matibabu ya ngozi: benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 asubuhi, na adapalini usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Ngozi itakauka na kuwasha kidogo wiki za mwanzo, ndiyo maana wengi huacha mapema. Matokeo hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12, na dawa hupakwa mwezi mzima badala ya kungoja ile wiki mbaya. Akitarajia mimba, adapalini aiache.

Wa pili ni mwanafunzi wa miaka 23, anapanga chumba Section 9, Thika. Yeye anasema chunusi humjia kila mwezi kabla ya hedhi. Tarehe alizoandika ni hizi: 22 Januari, 25 Februari, 9 Machi, 12 Mei. Nikimuuliza kuhusu ile ya Februari, anakumbuka kwamba alimeza P2 siku chache kabla yake na damu ilikuwa kidogo mno. Basi huenda hiyo haikuwa hedhi. Dozi kubwa ya homoni iliyo ndani ya P2 inaweza kuleta damu isiyotarajiwa na kuisogeza hedhi yenyewe mbele au nyuma. Tukiiondoa, mapengo yake ni siku 46 na siku 64. Mizunguko ya mwaka jana, aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu, ilikuwa saba tu. Kwa mtu ambaye amepita miaka mitatu tangu avunje ungo, mzunguko unaozidi siku 35, au chini ya hedhi nane kwa mwaka, si wa kawaida. Na chunusi zake, tukizifuatilia kwa tarehe, hazina wiki yake maalumu. Zipo siku zote, ila yeye huzitambua zaidi anapoisubiri hedhi isiyofika.

Kuna mambo mawili ambayo hakuyataja kwa sababu hakujua yanahusiana. Tangu akiwa na miaka 19 ananyoa nywele ngumu kidevuni kwa wembe, kila Jumapili usiku. Sehemu ya vipele vyake vya taya ni vipele vya wembe: nywele iliyokatwa inajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Ukikisogeza kioo karibu unaiona, kizingo cheusi katikati ya kipele. Wembe ule unamzidishia vipele na wakati huohuo unamfichia daktari dalili aliyoihitaji zaidi. La pili ni weusi mzito, kama mahameli, kwenye mikunjo ya shingo. Ameusugua kwa brashi akidhani ni uchafu wa mkufu. Weusi wa namna hiyo mara nyingi huonyesha kwamba mwili hauiitikii insulini vizuri, na insulini ikizidi huisukuma ovari itengeneze testosteroni zaidi.

Hali ya dada huyu ina jina. Madaktari huandika PCOS, na kwa Kiswahili wengi wanasema ovari zenye vifuko vingi. Jina hilo limepotosha watu, kwa sababu vile si vivimbe vya kuhitaji kupasuliwa. Ni vijumba vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Kwa utaratibu uliokubaliwa Rotterdam mwaka 2003 na kuboreshwa katika mwongozo wa kimataifa wa 2023, mwanamke mtu mzima anahitaji mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye sura hiyo kwenye ultrasaundi au kipimo cha damu kinachoashiria hivyo. Dada yetu tayari ana mawili ya kwanza. Hahitaji picha ili apewe jina la ugonjwa wake, na inaniuma kuona wasichana wakianza kwa kulipia picha hiyo. Ovari za msichana huwa na vijumba vingi kiasili, na mwongozo huo haupendekezi kuitumia ultrasaundi kumtambua msichana aliye bado katika balehe. Karatasi ikisema ovari zina vifuko vingi, na hedhi inakuja vizuri, na hakuna dalili nyingine, huo si ugonjwa.

Anachohitaji ni damu, baada ya kwanza kuhakikisha hana mimba. Hupimwa testosteroni na ile protini inayoibeba, kisha vipimo vya kuondoa magonjwa yanayofanana na PCOS: tezi ya shingo, prolaktini, na homoni moja ya tezi za juu ya figo ambayo hupimwa asubuhi, siku ya pili hadi ya tano ya hedhi. Ikithibitika kuwa ni PCOS, sukari na mafuta ya damu navyo hupimwa. Aliye kwenye vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili hapati jibu la kuaminika la testosteroni mpaka akae miezi mitatu bila hivyo, na muda huo atumie kinga nyingine. Na damu anayoiona kila mwezi akiwa kwenye vidonge hivyo ni ya vidonge, haitoi habari za ovari.

Sindano ya miezi mitatu na kipandikizi, njia zinazotumiwa na wanawake wengi zaidi hapa Kenya, zina projestini peke yake, nazo zinaweza kuzidisha chunusi na kuvuruga tarehe bila ugonjwa wowote. Krimu za kung'arisha zenye steroidi nazo huleta chunusi: uso hulainika wiki mbili, kisha vipele vidogo vya kulingana hutapakaa. Mwambie daktari unachotumia, hata kama unaona haya.

Ipo pia hali isiyongoja kalenda. Chunusi na ndevu zikizuka ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, nywele za utosini zikapungua na misuli ikaongezeka, daktari atatafuta uvimbe kwenye ovari au juu ya figo. Nenda wiki hiyohiyo.

Kwa dada yetu, daktari wa magonjwa ya wanawake huenda akampa vidonge vya homoni mbili, ambavyo hupunguza testosteroni inayozunguka na kuleta damu kwa mpangilio. Hilo la pili si la urembo: kukaa zaidi ya siku 90 bila hedhi, mara kwa mara, huacha ukuta wa mji wa mimba unenepe kupita kiasi. Spironolaktoni husaidia chunusi za watu wazima pia. Katika jaribio la Uingereza na Wales lililochapishwa 2023, likiwa na wanawake 410, nafuu ilionekana wazi zaidi kufikia wiki ya 24. Haitumiwi bila uzazi wa mpango wa kutegemewa, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na shangazi atakayemwambia kwamba akizaa chunusi zitaisha, hajui kwamba hali hii ndiyo inayoweza kumchelewesha kushika mimba, ingawa wengi hushika wakitibiwa.

Ukiwa Thika una Hospitali ya Thika Level 5, na Ruiru ipo ya Level 4. Beba daftari la tarehe na kila tyubu uliyopaka. Wiki mbili kabla ya kwenda, wembe uweke kando, ili kidevu kionekane kilivyo.