Sifuri iliingiaje kwenye daftari la mfanyabiashara

Mwishoni mwa karne ya 12, Bijaya, mji wa pwani katika Algeria ya leo, ulikuwa bandari mashuhuri kwa nta na ngozi. Wafanyabiashara wa Pisa kutoka Italia walikuwa na makazi yao hapo, na forodhani walikuwa na karani wao wenyewe, Guglielmo, aliyewaandikia shughuli zao. Guglielmo alimwita mwanawe Leonardo, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, aje akae naye asome hesabu. Leonardo mwenyewe anaeleza katika dibaji ya kitabu chake kwamba ni huko alikofundishwa kuhesabu kwa alama tisa za Wahindi, na kwamba hesabu hiyo ilimteka. Baadaye alisafiri Misri, Shamu, Ugiriki, Sisili na Provence, na kila bandari ya biashara aliyofika aliuliza watu wa pale wanahesabu vipi. Mwaka 1202 akaandika Liber Abaci, kitabu kikubwa cha hesabu kilichojaa bei za pilipili, vitambaa na jibini, kubadilisha fedha na kugawana faida za ubia. Vizazi vya baadaye vilimpa jina la Fibonacci.

Kufika Bijaya, alama hizo zilikuwa zimeshatembea sana. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta, huko India, aliandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri kama namba nyingine yoyote. Miongo michache baadaye, mwaka 662, askofu Severus Sebokht wa Shamu alizisifu alama tisa za Wahindi, ingawa sifuri hakuitaja. Huko Kambodia kuna jiwe lenye maandishi ya mwaka 683 ambamo sifuri imechongwa kama nukta. Baghdad, mnamo mwaka 825, al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu ya Kihindi ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kilatini. Kutoka hapo njia ziligawanyika. Maumbo ya magharibi, yaliyokomaa Maghribi na Andalusia, ndiyo mama wa 1, 2, 3 tunazoandika leo. Maumbo ya mashariki yalibaki Misri, Ghuba na Uajemi, na yakavuka bahari hadi kwetu: katika barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu utakuta tarehe zenye tarakimu hizo, ambapo sifuri ni nukta na kijiduara ni tano. Asiyezijua anaweza kusoma mwaka mwingine kabisa.

Kufika mahali, hata hivyo, si kukubaliwa. Katika miji ya Kiislamu yenyewe makarani na wafanyabiashara wengi waliendelea kuhesabu kichwani huku wakishikilia majibu ya kati kwa kukunja vidole, na kuandika namba kwa maneno au kwa herufi za abjadi, ambamo alifu ni 1, ya ni 10 na kafu ni 20. Abu al-Wafa, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 10, aliwaandikia makarani na wafanyabiashara kitabu kizima cha hesabu bila kutumia tarakimu za Kihindi. Alijua anawaandikia nani.

Sehemu ya tatizo ilikuwa kifaa. Hesabu ya Kihindi ilifanywa juu ya ubao uliotandazwa vumbi. Unaandika kwa kidole au kijiti, unazidisha, unafuta tarakimu na kuandika nyingine mahali pake, hadi mwisho linabaki jibu peke yake. Mwaka 952 au 953, huko Dameski, al-Uqlidisi aliandika kitabu ambacho mimi nakiona kama kiungo muhimu kuliko vyote katika habari hii. Alilalamika kwamba watu wenye heshima zao waliona aibu kushika ubao wa vumbi hadharani, kwa kuwa ulikuwa kifaa cha wapiga ramli wa mitaani. Akapendekeza hesabu ifanywe kwa wino na karatasi, na akazibadilisha njia zenyewe ili zisihitaji kufuta kitu. Karatasi ilikuwa imeshaenea katika nchi za Kiislamu, kwa hiyo pendekezo lake lilitekelezeka.

Uzito wa jambo hilo unaonekana ukikaa chini na kufanya hesabu moja. Tuseme mfanyabiashara wa Pisa amenunua ngozi 104 kwa soldi 37 kila moja, na soldi 20 ni lira moja. (Bei ni yangu, fedha ndiyo ya Pisa.) Kwa namba za Kirumi ana CIV na XXXVII. Namba hizo si za kipumbavu kama zinavyosimuliwa mara nyingi. Kuandika kiasi zinatosha kabisa, na hata kujumlisha ni rahisi. Ila kuzidisha hakufanyiki ndani ya maandishi yenyewe. Mtu alikwenda kwenye meza iliyochorwa mistari, mmoja wa mamoja, mmoja wa makumi, mmoja wa mamia, akapanga kete juu yake na kuzisogeza. Pasipo na makumi mstari unabaki mtupu, basi, hakuna haja ya alama yoyote. Akimaliza anasoma meza, anaandika jibu kwa Kirumi, kisha anazizoa kete. Kama jibu lina kosa, hakuna wa kujua lilitokea hatua gani.

Kwa njia aliyojifunza Leonardo, hatua zote zinabaki. Saba mara nne ni 28, andika 8, weka 2 akilini. Saba mara sifuri ni sifuri, ongeza zile 2, andika 2. Saba mara moja ni 7. Mstari wa kwanza ni 728. Kisha ile 3 ya makumi: tatu mara nne ni 12, andika 2, weka 1, tatu mara sifuri, ongeza 1, ni 1, tatu mara moja ni 3. Ni 312, lakini za makumi, yaani 3120. Jumlisha: 3848. Gawa kwa 20, unapata lira 192 na soldi 8.

Angalia kazi ya sifuri humo. Haikuongeza kitu popote, lakini ndiyo iliyoishikilia ile 1 isiteleze kutoka mamia kwenda makumi. Kwenye meza ya kete mstari mtupu ulifanya kazi hiyo. Kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari lazima kuwe na alama. Ndiyo maana tarakimu tisa zilipoingia Ulaya mara ya kwanza hazikuleta mabadiliko makubwa: hati ya mwaka 976 iliyoandikwa katika monasteri ya Albelda, kaskazini mwa Uhispania, inazo zote tisa, lakini haina sifuri. Bila hiyo ya kumi, zilikuwa vibandiko vipya juu ya meza ileile.

Liber Abaci inafundisha pia jinsi ya kujihakiki kwa kutoa tisa. Jumlisha tarakimu za 104, unapata 5. Za 37 ni 10, nazo 1 na 0 ni 1. Tano mara moja ni 5. Sasa jibu: 3, 8, 4 na 8 ni 23, nazo ni 5. Zimelingana, kwa hiyo jibu halina kasoro ya wazi. Ni kipimo kizuri, na mwalimu wa hesabu wa leo anaweza kumpa mwanafunzi akakifurahia. Lakini karani akiisahau sifuri na kusoma 14 badala ya 104, tarakimu bado zinajumlika kuwa 5. Atazidisha na kupata 518, ambazo ni 14, ambazo ni 5. Kipimo kinasema sawa, na muuzaji analipwa lira 25 na soldi 18 badala ya lira 192 na soldi 8. Kutoa tisa hakuioni sifuri hata kidogo, iwe imepotea au imeongezwa.

Udhaifu huo watu wa fedha waliuhisi mapema. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence, Arte del Cambio, kiliwakataza wanachama wake kuandika kiasi cha fedha kwa tarakimu katika madaftari yao. Waandike kwa herufi. Mara nyingi katazo hili husimuliwa kama ushamba wa watu walioogopa maarifa ya Waarabu. Mimi siwaoni hivyo. Daftari la mbadilisha fedha lilikuwa ushahidi mbele ya hakimu, na mtu mwenye kalamu na nia mbaya huigeuza 0 kuwa 6 au 9 kwa mkwaruzo mmoja, au huipachika tarakimu moja mwishoni mwa kiasi na deni likawa mara kumi. Kwa Kirumi pia mtu angeweza kuongeza I moja, ndiyo maana makarani walizoea kuirefusha I ya mwisho iwe kama j, lakini faida ya mwizi hapo ni ndogo. Katika mfumo wa nafasi, alama moja yabeba nguvu kubwa, na nguvu hiyo haichagui mkono.

Kilichotokea baadaye ni mgawanyo wa kazi. Hesabu yenyewe ilifanywa kwa tarakimu kwenye karatasi ya kando, na kiasi cha mwisho kikaandikwa rasmi kwa maneno au kwa Kirumi. Wakati huohuo watoto wa wafanyabiashara walipelekwa kwa walimu wa hesabu za biashara. Mwandishi wa habari za Florence, Giovanni Villani, anasema kwamba mnamo 1338 wavulana kati ya 1,000 na 1,200 walikuwa wakisoma hesabu hizo katika shule sita za mji huo. Hao ndio waliozipandisha tarakimu kutoka karatasi ya kando hadi kwenye daftari lenyewe. Waliposhika ukarani na umiliki, hakuna aliyehitaji kushawishiwa tena. Mwaka 1478 kitabu cha hesabu za biashara kikapigwa chapa Treviso, karibu na Venisi.

Kaskazini mambo yalikwenda taratibu zaidi. Hazina ya Uingereza iliendelea kutunza risiti kwa vijiti vilivyokatwa alama, vikapasuliwa katikati ili kila upande ubaki na nusu yake, hadi mwaka 1826. Vijiti vilivyobaki vilipochomwa Oktoba 1834 katika matanuri ya jengo la Bunge, moto uliwashinda na sehemu kubwa ya jengo ikateketea.

Tahadhari ya Florence, kwa upande wake, bado imo katika sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo, ambayo sheria zetu za Kenya na Tanzania zilichota humo, inasema kwamba kiasi kilichoandikwa kwa maneno kikitofautiana na kilichoandikwa kwa tarakimu, kinacholipwa ni cha maneno. Ndiyo maana hundi ina sehemu mbili za kuandika kiasi kilekile. Na ndiyo maana anayeijaza hushauriwa aanze tarakimu zake zikiwa zimegusana na alama ya shilingi, asiache nafasi ya kupenyeza 1 mbele, kisha apige mstari baada ya sifuri ya mwisho.