Kiluwiluwi katika Picha: Kutofautisha Buu wa Mbu na Viumbe Wengine wa Maji Yaliyohifadhiwa

Neno kiluwiluwi lina maana mbili: mtoto wa chura na buu wa mbu. Katika mazungumzo ya kawaida utata huo hauna madhara. Madhara huanza pale fomu ya ukaguzi inapouliza iwapo pipa la maji lina viluwiluwi, na mhudumu wa afya ya jamii akajibu kwa kutuma picha ya simu ya kitu chochote kinachojinyonganyonga. Makala haya yanaeleza namna picha hiyo inavyoweza kusomwa na mahali usomaji wake unapokoma.

Buu wa mbu hana miguu. Kichwa chake kinaonekana dhahiri, kifua ni kipana kuliko kichwa na tumbo, na tumbo lenyewe ni jembamba lenye pingili. Aliyekomaa hufikia takribani milimita 8. Tena hupumua hewa ya juu, hivyo hurudi kwenye uso wa maji kila mara. Buu wa usubi wasiouma, ambaye ndiye hudhaniwa mbu kwa urahisi zaidi, ana mwili wenye unene unaolingana kama uzi, vijiguu bandia mbele na nyuma, na mara nyingi rangi nyekundu inayotokana na himoglobini. Rangi hiyo ni ishara ya maisha ya kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Huyu hukaa chini ya tangi, wala hahitaji kupanda juu kupumua. Vidoto vyenye umbo la chozi vinavyosogea kwa mishtuko ni jamaa wadogo wa kamba. Baadhi yao hula mabuu wachanga wa mbu, na nchini Vietnamu wamewahi kupandikizwa katika matangi ya maji ili kupunguza homa ya dengi. Kuwaua kwa dawa, basi, ni kumwondoa mshirika.

Tuseme imepokewa picha ya pipa la lita 200, iliyopigwa kutoka juu. Inaonyesha nyuzi tatu nyekundu kwenye masimbi, na vijiti vinne vyeusi vilivyo katikati ya maji. Nyuzi ni za usubi: dawa yake ni kuosha pipa. Vijiti vina vifua vipana, kwa hiyo ni mbu, lakini ni mbu gani? Picha haisemi, kwa sababu kivuli cha mpigapicha kimewafanya wazamie, na wakiwa wamezama hufanana. Inafaa kuchota maji kwa upawa, kuyatia katika glasi angavu, kusubiri dakika moja au mbili mpaka wapande, kisha kupiga picha kwa ubavuni, kamera ikiwa sawa na uso wa maji. Hapo aedesi na kuleksi huning'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia uliopo karibu na mkia ukigusa hewa. Anofelesi hana mrija huo; hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea.

Tofauti hiyo ya mlalo imepata uzito mpya. Kwa muda mrefu pipa la mjini lilihusishwa na aedesi na dengi, ilhali malaria ilitafutwa katika madimbwi na mashamba ya mpunga. Anofelesi stefensi, mbu wa asili ya Asia Kusini na Uarabuni, huzaliana vizuri katika matangi na mapipa ya mijini. Alibainika Jibuti mwaka 2012, kisha Ethiopia, Sudani na Somalia, na baadaye Kenya katika kaunti ya Marsabit. Jibuti ilikuwa na wagonjwa 27 wa malaria mwaka 2012. Mwaka 2020 walipita 73,000.

Hata hivyo picha haiwezi kumtaja stefensi. Mabuu wake hawatofautiki kwa simu na wale wa anofelesi wenyeji, ambao nao hupatikana pengine katika vyombo. Waliotoka yaini karibuni, wenye milimita moja hivi, hawafai kuhukumiwa kabisa. Anayelala sambamba katika pipa la mjini anapaswa kuchukuliwa kuwa mshukiwa: baadhi ya mabuu wafugwe mpaka wawe mbu kamili, wengine wahifadhiwe katika alkoholi kwa kipimo cha vinasaba. Aliyening'inia kwa mrija mfupi mnene huelekea kuwa aedesi, na kwake kumwaga maji hakutoshi, kwani mayai hugandana na kuta na kustahimili ukavu kwa miezi, kuta zisuguliwe.

Kwa hiyo swali la fomu linahitaji kugawanywa. Badala ya "Je, kuna viluwiluwi?", liulizwe: je, kiumbe hupanda juu kupumua, na akiwa juu, hulala au huning'inia?